Ng'ombe Wenye Chapa ya Nyota

Mwaka 555 KK, mwaka wa kwanza wa utawala wa Nabonidus huko Babeli, wanaume wawili waitwao Shum-ukin na Kalbaya waliomba kukodi mashamba ya mungu wa kike. Mashamba yenyewe yalikuwa mali ya Eanna, hekalu la Ishtar katika mji wa Uruk, kusini mwa nchi ambayo leo inaitwa Iraki. Ombi lao lilikubaliwa, likaandikwa juu ya kibao cha udongo, na kibao hicho kimefika hadi zama zetu.

Walipewa ardhi ya kori 6,000, sawa na ekari 20,000 hivi. Pamoja na ardhi walikabidhiwa wakulima 400, maksai 400, ng'ombe majike wakubwa 100, mbegu za kuanzia na chuma cha kutengenezea majembe. Kwa upande wao waliahidi kulipa kila mwaka kori 25,000 za shayiri na kori 10,000 za tende. Kori moja ni lita 180 hivi, kwa hiyo shayiri peke yake ilikuwa zaidi ya lita milioni nne.

Tarakimu hizo hufanya hekalu lionekane tajiri kupita kiasi, na ni kweli lilikuwa tajiri. Lakini zikitazamwa kwa karibu zinaonyesha pia upungufu. Huko Babeli plau moja ilivutwa na maksai wanne na kuhudumiwa na watu wanne. Watu 400 na maksai 400, basi, ni plau 100 tu, na kila plau inabidi ishughulikie ekari 200. Hata ukikumbuka kwamba nusu ya shamba iliachwa ipumzike kila mwaka ili chumvi isiiharibu, bado zinabaki ekari 100 kwa plau moja. Eanna ilikuwa na ardhi nyingi kuliko watu wa kuilima. Jambo hilo moja linaeleza karibu kila uamuzi ambao hekalu liliufanya katika karne ya sita KK: liliajiri nani, lilimwamini nani, na kwa nini liliibiwa.

Kwanza inafaa kuondoa picha iliyozoeleka. Vitabu vingi vya shule vilifundisha kwamba katika miji ya kale ya Mesopotamia hekalu lilimiliki ardhi yote na kila mtu alikuwa mfanyakazi wake. Wazo hilo lilienea kutokana na kazi ya Anton Deimel, padri Mjesuiti aliyesoma kwa uvumilivu mkubwa vibao vya mji wa Girsu vya karne ya 24 KK. Vibao hivyo vilihusu nyumba ya mungu wa kike Bau, iliyokuwa chini ya uangalizi wa mke wa mtawala, nayo ililisha mamia ya watu: wavuvi, wafumaji, watunza bustani, watengeneza pombe. Mwaka 1931 Deimel alichapisha hitimisho lake kwamba mji mzima uliendeshwa hivyo. Kosa lake lilikuwa kuichukulia nyumba moja kama ndiyo mji wote. Watafiti waliomfuata, hasa Igor Diakonoff na Ignace Gelb, walionyesha hati za watu binafsi na koo zilizouziana mashamba katika zama zile zile. Hekalu lilikuwa mwenye ardhi mkubwa, pengine mkubwa kuliko wengine wote, lakini lilikuwa na majirani.

Uruk ya karne ya sita inafaa kuchunguzwa kwa sababu imeacha maelfu ya vibao kutoka ofisi za Eanna. Wachimbaji wa Kijerumani walianza kazi kwenye magofu hayo, yaitwayo Warka, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na vibao vingine vingi viliuzwa na wachimbaji haramu vikaishia Yale, Paris, London na kwingineko. Ni barua za malalamiko, risiti za sufu, orodha za posho, mikataba na mashauri ya kesi. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa ili kutuvutia sisi, na ndiyo sababu vinaaminika.

Tuanze ndani, karibu na sanamu ya mungu, kwa kuwa shughuli zote nyingine zilidaiwa kuwepo kwa ajili yake. Ishtar, Bibi wa Uruk, aliandaliwa meza kila siku: mlo mkubwa na mlo mdogo asubuhi, kisha mlo mkubwa na mlo mdogo jioni. Maandishi ya Uruk yaliyonakiliwa karne kadhaa baadaye yanataja chakula cha siku moja cha miungu wakuu wa mji. Mikate ni 243, iliyopikwa kwa lita 648 za unga, robo tatu shayiri na robo ngano ya kale. Juu yake kuna bia, tende, maziwa, kondoo, ng'ombe, bata na mayai. Vyakula viliwekwa mbele ya sanamu, baadaye vikaondolewa, na masalio yakagawanywa kwa watu, tena kwa utaratibu mkali.

Hapo ndipo makuhani wanapoingia. Tunaposikia neno kuhani tunamfikiria mtu wa sala na kafara. Uruk walikuwapo watu wa namna hiyo, walioruhusiwa kuingia mahali patakatifu. Lakini mwoka mikate wa hekalu naye alihesabiwa miongoni mwao, na vivyo hivyo mtengeneza bia, mchinjaji na bawabu, maadamu kazi ya mikono yao ilimfikia mungu. Ilibidi awe wa ukoo unaotambulika, mwenye mwili usio na dosari, na anyolewe na kinyozi wa hekalu kabla ya kuanza huduma.

Nafasi hiyo haikuwa ajira kama tunavyoielewa. Ilikuwa mali. Mtu alimiliki zamu: siku kadhaa kila mwezi, au mwezi mzima kila mwaka, ambazo yeye ndiye mwenye haki na wajibu wa kuoka mikate ya mungu. Ghala la hekalu lilimpa shayiri na tende za kutumia. Ziada iliyobaki baada ya kuoka ilikuwa yake, pamoja na fungu lake la masalio ya meza takatifu. Alipokufa, zamu zake ziligawanywa kwa wanawe kama shamba au nyumba inavyogawanywa. Zilinunuliwa, zilibadilishwa na zilikodishwa. Mwanamke aliweza kuzirithi, ingawa hakuweza kuhudumu mwenyewe. Alimpa mwanamume mwenye sifa kazi hiyo kwa malipo. Wanaume wengi nao walifanya hivyo hivyo. Mwenye zamu akakaa nyumbani huku mwenzake akisimama mbele ya tanuri, na wakagawana mapato kwa mkataba.

Kwa hiyo koo za makuhani zilikuwa na kipato cha uhakika ambacho hakikutegemea sana ukame wala bei ya sokoni. Zilioana zenyewe kwa zenyewe na kulinda majina ya mababu zao. Fedha zao waliziweka katika bustani za mitende na nyumba, mara chache katika biashara za mbali zenye hatari. Katika vibao vyao wanaonekana watu waangalifu, wenye kumbukumbu ndefu na mikono mizito kufungua mfuko. Pia walikaa katika baraza la hekalu, wakasikiliza kesi na kushuhudia mikataba.

Hata hivyo hawakuwa wenye hekalu. Ardhi, mifugo na ghala vilikuwa vya Bibi wa Uruk, na aliyesimamia kwa niaba yake alikuwa msimamizi mkuu wa Eanna, ambaye kwa kawaida alitoka katika koo kubwa. Kando yake alikaa mjumbe wa mfalme, mtu wa ikulu aliyetumwa kuhakikisha kwamba fungu la mfalme halipotei. Wafalme waliona hekalu kama ghala la akiba lililo karibu. Nebukadreza alipojenga ikulu yake Babeli, Eanna ililazimika kupeleka vikosi vya wafanyakazi na kuwalipia. Nabonidus alikwenda mbali zaidi, akaingilia mikataba ya mashamba yenyewe, na mwanawe Belshaza, yule anayetajwa katika Kitabu cha Danieli, alitoa kanuni za jinsi ardhi ya Eanna itakavyokodishwa. Kuwaleta wakodi wakubwa kama Shum-ukin kulimpa mfalme kiwango cha mavuno kilichoandikwa mapema, na hasara ya mwaka mbaya ikabaki shingoni mwa mkodi.

Nani alilima, basi? Sehemu moja ya nguvu kazi walikuwa watu waliowekwa wakfu kwa mungu. Hawakuweza kuuzwa, na wengi waliishi na familia zao, lakini hawakuwa huru kuondoka, na watoto wao walizaliwa katika hali hiyo hiyo. Kwenye mkono walichomwa alama ya nyota, ile ile iliyochomwa kwenye ng'ombe na kondoo wa Ishtar. Walilipwa posho ya shayiri, tende na sufu ya nguo.

Namna mtu alivyofika huko inaonekana katika kibao kimoja cha enzi ya Nabonidus. Mjane aitwaye Banat-Innin alisimama mbele ya wakuu wa hekalu akaeleza kwamba mumewe amefariki na nchi ina njaa. Alikuwa na wavulana wawili wadogo. Aliwatia alama ya nyota na kuwakabidhi kwa Bibi wa Uruk ili wapate kuishi. Mwandishi hakuandika machozi wala faraja. Aliandika majina, ombi na mashahidi. Hekalu lilikuwa mahali pekee mjini penye chakula cha kutosha kupokea midomo miwili zaidi, na bei ya chakula hicho ilikuwa uhuru wa wavulana wale na wa uzao wao. Ni vigumu kuisoma hati hiyo bila kuona huruma na faida zikiingia kwa mlango mmoja.

Lakini watu wa wakfu hawakutosha. Walizeeka, waliugua, na wengi walitoroka, kwa sababu nyota mkononi haikumzuia mtu kuvuka mpaka wa mji. Kwa kuchimba mifereji, kufyatua matofali na kuvuna, Eanna iliajiri vibarua kwa fedha taslimu. Hao walijua thamani yao. Mwezi wa mavuno kila mwenye shamba aliwataka, na ujira ulipanda. Barua za wasimamizi zimejaa maombi ya aina moja: leteni fedha haraka, watu wanaondoka.

Hekalu la Uruk lilipata wapi fedha? Si kwenye shayiri. Uruk ilikuwa pembezoni, karibu na nyika, na kilichoiingizia fedha ni sufu. Kondoo wa Ishtar walichungwa mbali sana, wengine hata ng'ambo ya mto Tigri, nao wachungaji wao hawakuonekana mjini kwa miezi mingi. Huwezi kumsimamia mtu kama huyo kwa jicho. Unamsimamia kwa hesabu.

Mkataba wa uchungaji ulikuwa hivi. Kwa kila majike 100, mchungaji alipaswa kuonyesha mwishoni mwa mwaka wanakondoo 66 na theluthi mbili. Aliruhusiwa kufiwa na kondoo 10 katika kila 100, mradi alete ngozi na kano za kila aliyekufa. Kila kondoo alidaiwa sufu ya mina moja na nusu, yaani robo tatu ya kilo hivi. Kilichozidi hapo kilikuwa cha mchungaji.

Tuchukue mchungaji mmoja wa kufikirika mwenye majike 100. Mwaka mzuri analeta wanakondoo 70, wanakufa sita tu, na tofauti inabaki kwake. Mwaka wa ukame wanazaliwa 40 na wanakufa 30, kwa hiyo porini ana kondoo 110. Kibao kinasema anapaswa kuwa na 156 au zaidi kidogo. Kondoo wale 46 wasiokuwepo hawafutwi. Wanaandikwa kuwa deni. Na mwaka unaofuata hesabu inaanzia kwenye 156, kana kwamba wale wa karatasini nao watazaa na kukatwa sufu. Ikipita miaka mitatu ya namna hiyo, kundi la kwenye kibao linakuwa kubwa na lenye afya, na kundi la porini ni dogo, na mchungaji ana kila sababu ya kutorudi mjini tena.

Kwa hiyo hekalu lilihitaji mtu wa kuwafuata wachungaji na kudai malimbikizo. Awe mkali, ajue njia za nyikani, asiogope ugomvi. Eanna ilimpata mtu huyo. Aliitwa Gimillu mwana wa Innin-shum-ibni, naye mwenyewe alikuwa mtu wa wakfu.

Mwaka 538 KK, mwaka mmoja baada ya Koreshi Mwajemi kuiteka Babeli, Gimillu alifikishwa mbele ya baraza. Mashahidi walikuja mmoja baada ya mwingine. Wanyama wenye chapa ya nyota walikuwa wameonekana katika kundi lake mwenyewe. Wengine walichukuliwa kwa wachungaji kwa jina la hekalu na hawakufika hekaluni. Shahidi mmoja alizungumzia mchungaji aliyekuwa hajaleta hesabu kwa miaka mingi. Gimillu alitumwa kumleta, lakini badala yake alipokea shayiri, fedha na kondoo, akamwacha. Hilo ndilo linaloonyesha jinsi wizi ulivyofanyika. Gimillu hakuhitaji kuvunja ghala. Deni la kwenye kibao lilikuwa kubwa kuliko uwezo wa mchungaji kulilipa, na tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo bidhaa aliyoiuza.

Alama ya nyota ndiyo iliyomkamatisha. Mnyama aliyechomwa chapa alitambulika popote, na adhabu ya kuiba mali ya mungu ilikuwa kulipa mara 30. Sheria za Hammurabi, zilizoandikwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya hapo, tayari zilikuwa na kiwango hicho. Baraza lilijumlisha likamwamuru Gimillu alipe ng'ombe 92, kondoo na mbuzi 302, pamoja na mina moja na shekeli 10 za fedha. Mtu wa kawaida angemalizika hapo.

Gimillu hakumalizika. Katika vibao vya miaka iliyofuata anaonekana tena na tena, akishughulikia mali ya hekalu, akilalamikiwa, akikwepa. Watafiti wengine wanaamini alikuwa na mlinzi kwenye ngazi za juu, na huenda ni kweli, lakini mazingira ya kazi yake yanatosha kueleza mengi. Hekalu lenye ardhi isiyolimika na makundi yasiyoonekana lilimhitaji mtu anayeweza kuzileta sufu na shayiri ghalani. Kuhani wa ukoo mzuri asingekwenda kulala nyikani kugombana na wachungaji. Gimillu alikwenda. Sehemu aliyoiba ilikuwa gharama, na kwa muda mrefu wakuu wa Eanna waliona wanaweza kuibeba.

Chini ya Kambise, mwana wa Koreshi, alifikia hata kuwa mkodi mkuu wa mashamba ya Ishtar. Hapo akakutana na ugumu usioweza kumalizwa kwa vitisho. Katika miaka ya mwanzo ya Dario, karibu 520 KK, alilalamika kwamba wakulima na maksai aliokabidhiwa hawatoshi kwa kiwango cha mavuno alichodaiwa. Safari hii alikuwa anasema kweli. Kila aliyewahi kushika nafasi ile alisema hivyo hivyo. Alipoteza mkataba, na baada ya muda mfupi jina lake likatoweka kwenye kumbukumbu.

Makuhani walidumu zaidi, ingawa si wale wale. Mwaka 484 KK miji ya Babeli iliasi dhidi ya mfalme Ahasuero, na baada ya uasi kuzimwa kumbukumbu za koo nyingi kongwe zinakatika ghafla. Uruk zilitoweka familia zenye asili ya mji wa Babeli, zilizokuwa zimeshika vyeo vya Eanna kwa vizazi. Koo za wenyeji zilichukua nafasi, zikampandisha Anu, mungu wa mbingu, juu ya Ishtar, na baadaye zikamjengea hekalu jipya kubwa. Zamu za uokaji, uchinjaji na utengenezaji bia ziliendelea chini ya wafalme Wagiriki waliomfuata Aleksanda. Kwa kurithiwa na kugawanywa tena na tena zilikuwa zimekatwa vipande vidogo, hivi kwamba katika karne ya tatu KK mtu wa Uruk aliweza kumwendea mwandishi akanunua sehemu ya sita ya siku moja ya mwezi, akapata kibao chenye mihuri ya mashahidi, na kuanzia siku hiyo akadai kipande chake cha nyama ya mungu.